Badilisha Nywele, Sura Iache

Ukiiandikia programu ya picha ya akili mnemba "nifanyie nywele fupi za mikunjo, rangi ya kahawia", itakutii neno kwa neno. Zitakuja fupi, zitakuja na mikunjo, zitakuja za kahawia. Ila mikunjo yenyewe itakuwa mipana na ya kung'aa, imening'inia mpaka kwenye taya. Kahawia yake itakuwa imeelekea kwenye asali. Na ukitazama kwa makini utaona ngozi imepauka kidogo, pua imechongoka na umri umerudi nyuma miaka kadhaa. Huyo wa kwenye picha ni mrembo, hakuna ubishi. Ni mrembo mwingine tu.

Programu hizi zimejifunza kwa kupitishiwa mabilioni ya picha zilizoambatana na maelezo mafupi ya maandishi. Mkusanyiko mmoja mashuhuri, LAION-5B, uliotolewa mwaka 2022, una picha zaidi ya bilioni 5 zilizookotwa mtandaoni pamoja na maelezo yake, na asilimia 40 hivi ya maelezo hayo ni ya Kiingereza. Ukiandika "nywele za mikunjo", programu haiwazi kichwa cha shangazi yako. Inachora kile kilichozoeleka zaidi katika picha zilizoandikiwa hivyo, na wengi wa waliomo humo ni watu ambao nywele zao huanguka chini zenyewe. Anayetaka kitu kingine lazima akitaje, tena akitaje kama macho yanavyokiona. "Nywele za kisasa" na "nywele zenye afya" hazina umbo wala rangi. Programu itajaza pengo hilo kwa mazoea yake.

Nichukue kichwa kimoja nikifuate mpaka mwisho. Binti wa dada yangu, mkazi wa Dar es Salaam, aliacha kuweka dawa miezi 8 iliyopita. Nywele zake zinagusa mabega. Sehemu kubwa ni zile za zamani zilizonyooshwa, na karibu na ngozi ya kichwa ndiko ziliko mpya, zilizoota na mkunjo wake wa kuzaliwa. Sendofu yake inakaribia, naye anataka kukata zote za dawa abaki na za asili, ncha zipakwe rangi ya shaba, na pembeni kinyozi amchoree njia moja ya wembe. "Mama mdogo, zikishaanguka chini hazirudi," aliniambia. "Nataka nizione kwanza."

Ndani ya ombi hilo mna mambo manne: urefu, mkunjo, rangi na njia. Hayalingani kwa ugumu. Rangi inakubali upesi, njia ina mtego mmoja, urefu unataka hesabu ndogo, na mkunjo ndio utakaokula muda wako.

Kabla ya yote manne kuna sentensi ya ulinzi. Programu nyingi za sasa, Gemini na ChatGPT zikiwemo, hupokea picha yako na maelekezo, kisha huchora picha upya. Hazikati nywele na kuacha kilichobaki. Kila kitu hupita tena mikononi mwao, na uso usiotajwa huhesabiwa kuwa uko huru kuguswa. Hivyo maelekezo yataje pia kisichotakiwa kubadilika, na yakitaje kwa jina:

```
Change only the hair. Keep her face, skin tone,
earrings, blouse, background and lighting
exactly as in the photo.
```

Hapo tumesema nywele pekee ndizo zibadilike. Uso, rangi ya ngozi, hereni, blauzi, nyuma yake na mwanga vibaki kama vilivyo kwenye picha. Unaweza kuandika hayo kwa Kiswahili na programu mpya zikakuelewa. Mimi mwenyewe natumia Kiswahili kwa mambo ya jumla, lakini nikifika kwenye mkunjo nahamia Kiingereza bila aibu, kwa sababu ndiyo lugha ya maelezo mengi yaliyozifundisha programu hizo. Majina ya misuko ya kwetu, yebo yebo, twende kilioni, mabutu, usiyategemee hata kidogo. Eleza kinachoonekana: mistari mingapi, inaelekea wapi, mikia inaishia wapi.

Sasa urefu. Programu haina rula. Haijui picha imepigwa kwa umbali gani wala kichwa chako kina upana gani, kwa hiyo ukiandika "sentimita 8" inabahatisha. Inachokiona ni mwili. Sikio, taya, kidevu, mtulinga, kwapa na kiuno viko pale pale kwenye picha, na nywele zikipimwa kwa hivyo hukosea kidogo sana. Anayetaka rasta za kiunoni aandike zifike kiunoni, ila picha yake nayo iwe na kiuno. Picha iliyokatwa kifuani haina mahali pa kuzimalizia, na programu itazifupisha au itakubunia kiwiliwili ambacho si chako. Vivyo hivyo kwa anayetaka afro kubwa: aache nafasi juu ya kichwa wakati wa kupiga.

Kwa binti yetu kulikuwa na jambo jingine. Alipoandika tu kwamba anataka afro fupi ya asili, alipewa duara zuri lililofunika masikio na kukaribia mabega. Alifurahi. Mimi nilimwomba tufanye hesabu. Nywele za binadamu huota kama sentimita moja kwa mwezi, wengine zaidi kidogo, wengine pungufu. Miezi 8 ni kama sentimita 8, nazo ni sentimita za nywele iliyovutwa ikanyooka. Nywele yenye mkunjo mdogo ikiachiwa hujikusanya, ikabaki chini ya nusu ya urefu wake, na kwa wengine hata robo. Sentimita 8 zake, siku ya sendofu, zitaonekana kama 2 au 3. Lile duara lingehitaji miaka. Picha haikuwa mbaya. Ilikuwa ya mtu aliyeacha dawa zamani sana.

Kwa hiyo urefu wa kuandika ni ule utakaoonekana zikiwa kavu na zimejikunja. Na kwa kuwa "fupi" kwa programu ni neno pana mno, tulilibana kwa vitu vitakavyokuwa wazi baada ya kukata:

```
Very short natural afro, only about two fingers
high above the scalp all around. Ears, neck,
full hairline and blouse collar clearly visible.
```

Sehemu yenye nguvu hapo ni ya pili. Masikio yaonekane, shingo ionekane, mstari wote wa nywele kwenye paji uonekane, kola ya blauzi ionekane. Programu ikilazimika kuchora sikio zima, haina pa kuweka duara kubwa. Kola nayo ina sababu yake. Unapofupisha nywele, kilichokuwa kimefichwa nyuma yake lazima kibuniwe, na programu isiyoambiwa cha kuweka huacha vivuli vya nywele za zamani vimelala mabegani mithili ya masizi. Mwambie mchoraji wako kuna nini pale.

Angalia pia kwamba hatukuandika "zisifunike masikio". Programu za zamani kidogo, hasa zile za familia ya Stable Diffusion, ni dhaifu kwenye kukanusha. Neno "masikio yaliyofunikwa" likiwa ndani ya maelekezo, lenyewe huita picha ya masikio yaliyofunikwa. Ndiyo maana baadhi yake zina kisanduku cha pembeni kilichoandikwa `Negative prompt`, ambamo unaorodhesha usivyovitaka. Palipo na kisanduku hicho, kitumie. Pasipo nacho, geuza katazo liwe agizo: badala ya kukataa nywele kwenye paji, sema paji lote lionekane.

Tufike kwenye mkunjo, ambako wengi hukata tamaa. Mwaka 1997 Andre Walker, msusi wa Oprah Winfrey, alitoa kitabu kilichogawa nywele katika aina 4: za singa, za mawimbi, za mikunjo, na zile za mkunjo mdogo kabisa ambazo sisi tumezoea kuziita kipilipili. Kila aina ikapewa herufi za kuonyesha ukubwa wa mkunjo. Wapenzi wa nywele za asili waliendeleza mgawanyo huo baadaye, wakaongeza 3C na 4C ambazo Walker hakuwa nazo. Leo ukiingia duka la vipodozi utazikuta herufi hizo kwenye makopo, na programu za picha nazo zinazijua. Zinazijua nusu nusu. Picha nyingi zilizoandikiwa 4C mtandaoni ni za nywele zilizokwisha kusokotwa, zikafumuliwa na kupakwa jeli ili mikunjo ijitokeze. Ukiandika 4C peke yake, kuna uwezekano mkubwa upewe kazi ya saa nzima ya msusi, na si nywele uliyoamka nayo.

Kwa hiyo andika 4C ukitaka, haidhuru, lakini usiishie hapo. Eleza mambo manne ambayo jicho huyatumia bila wewe kujua. La kwanza ni upana wa mkunjo mmoja. Walio kwenye kundi la 3 huwa na mikunjo ya upana wa chaki kubwa, ya kalamu nene au ya penseli. Kwenye kundi la 4 unashuka hadi upana wa springi ya kalamu, kisha chini ya hapo, mpaka mkunjo mmoja mmoja hautofautiki tena kwa macho. La pili ni uelekeo, na mimi naona ndilo kubwa kuliko yote. Nywele zetu hazishuki, zinasimama. Programu iliyozoea nywele za kuning'inia itazining'iniza mpaka uiambie waziwazi kwamba zinatoka kwenye ngozi ya kichwa kwenda juu na nje. La tatu ni mng'ao. Nywele iliyonyooka hurudisha mwanga kama utepe. Yenye mkunjo mdogo huutawanya, ikaonekana imetulia, haina mng'ao. Ukisahau kutaja hilo, utapewa nywele za aina ya 4 zinazometameta kana kwamba zimemwagiwa mafuta. La nne ni msongamano: je, ngozi ya kichwa inaonekana kati ya nywele, au zimeshonana?

```
Hair texture: tiny tight coils, smaller than a
pen spring, densely packed, growing upward and
outward from the scalp, matte, soft rounded
outline, natural hairline.
```

Maneno ya kuepuka hapa ni yale yanayobeba hukumu. Kuna maneno ya Kiingereza ya nywele zilizotimka au zilizovurugika ambayo watu huyatumia wakidhani yatasaidia kuleta mkunjo mdogo. Huleta nywele kavu zilizokatikakatika, za mtu aliyeugua. Hata lile la "nywele za asili" lina utata, kwa sababu katika maelezo mengi ya Kiingereza asili humaanisha tu kwamba hazijapakwa rangi, ziwe za singa au vinginevyo. Tumelitumia kwenye urefu kwa kuwa limeegemea neno afro; likiachwa peke yake halibebi mzigo.

Na utajuaje upana wa mkunjo wako, hasa ukiwa umekaa na dawa tangu shule ya msingi? Osha nywele, usipake kitu, ziache zikauke. Chukua moja iliyoota baada ya dawa, iweke juu ya karatasi nyeupe, ivute kisha iachie. Ikijipinda kama herufi S zilizoshikana, unaona duara zake, uko karibu na 4A. Ikivunjika kwa pembe kama herufi Z, ni 4B. Ikijikusanya tu bila mpango unaoonekana, ni 4C. Watu wengi wana zaidi ya aina moja kichwani, na utosini mara nyingi si sawa na kisogoni.

Binti yetu alifanya hivyo, kisha tukafanya jambo lililosaidia kuliko maneno yote. Nilimpiga picha ya karibu kisogoni, mchana, kando ya dirisha, mahali ambapo nywele mpya zilikuwa zimeinua zile za dawa na mkunjo wake unaonekana bila kificho. Programu nyingi mpya hukubali picha mbili kwa pamoja. Tukampa ya uso kuwa ya kwanza, ya kisogo kuwa ya pili, na tukaongeza:

```
Copy the hair texture of the new growth in the
second photo. Take everything else from the
first photo.
```

Ni muhimu kusema ipi ni ya nini. Picha mbili zisizopewa kazi huchanganywa, na ukiangalia matokeo unakuta rangi ya ukuta wa picha ya pili imehamia kwenye ya kwanza. Kwake yeye mkunjo uliotoka ulikuwa wake kwelikweli, wa utosini ukiwa umebana zaidi kidogo kuliko alivyo, maana programu ilisambaza kisogo kichwa kizima. Hilo linavumilika.

Rangi sasa. Anayenunua nywele za kusukia anajua namba: 1 ni nyeusi ya mkaa, 1B ni nyeusi iliyolegea kidogo inayokaribia ya asili, 33 ni kahawia nyekundu iliyokolea, 27 ya asali, 613 ni ile njano iliyopauka kabisa. Namba hizi ni lugha safi dukani lakini kwa programu ni kubahatisha. Usiandike 33 ukategemea uchawi. Eleza rangi kwa sehemu zake: ni nyeusi, kahawia au nyekundu, imekoza au imefifia, imeelekea kwenye joto la shaba na dhahabu au kwenye ubaridi wa majivu, na iko wapi, kwenye mashina, katikati au ncha. Sehemu hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Ukiomba shaba bila kusema ncha, kichwa kizima kitageuka sufuria.

```
Hair color: soft natural black at the roots and
sides, warm copper brown only on the tips at the
top. Lips, skin, earrings and blouse keep their
original colors.
```

Sentensi ya pili imewekwa kwa sababu rangi huvuja. Ukitaja nyekundu kwa ajili ya nywele, midomo hukolea. Ukitaja shaba, hereni hubadilika. Programu inajua shaba inatakiwa mahali fulani kwenye picha, na si kila mara inakumbuka wapi. Uvujaji mbaya zaidi ni wa ngozi. Rangi za njano na asali, katika picha zilizoifundisha, zimekaa zaidi juu ya vichwa vya watu weupe, na ukiziomba huja na ndugu zake: nywele hunyooka kidogo, ngozi hupauka kidogo. Ukitaka 613 ukiwa mweusi tititi, taja rangi ya ngozi yako katika sentensi ileile ya rangi ya nywele.

Nyeusi nayo ina shida yake. Ukiandika nyeusi tu, unaweza kupata doa la wino juu ya uso, lisilo na unywele hata mmoja. Ongeza kwamba ni nyeusi laini ya asili na mikunjo inaonekana. Na waliozoea hina, eleza kile hina inachofanya hasa. Juu ya nywele nyeusi haileti wekundu. Inaleta wekundu hafifu unaojitokeza pale jua linapogusa. Programu ikiambiwa hivyo hivyo, kwamba ni nyeusi yenye wekundu hafifu sehemu zenye jua, inaweza. Ikiambiwa hina peke yake, inaweza kukuchora maua mikononi.

Picha yenyewe ipigwe kwenye mwanga wa mchana. Umeagiza mwanga usibadilike, na kama umepiga sebuleni chini ya balbu ya njano, shaba itageuka chungwa, nawe utalaumu maneno yasiyo na kosa.

Njia ina mtego mmoja, nao ni kushoto na kulia. Kushoto kwa nani? Kwa aliye kwenye picha au kwa anayeitazama? Maelezo mengi yaliyoifundisha programu hayakusema upande kabisa, na ni kawaida wakati wa mafunzo kuzigeuza baadhi ya picha kama kwenye kioo ili kuongeza idadi, jambo linaloipotezea programu pande zote mbili. Juu ya hapo kuna selfi: simu nyingine huhifadhi picha iliyogeuzwa, nyingine huirudisha ilivyo. Angalia maandishi ya fulana au upande wa chotara usoni ujue yako iko vipi. Kisha achana na kushoto na kulia, shika alama iliyomo ndani ya picha:

```
One thin shaved line on the side of her head
nearest the window, starting above the outer end
of the eyebrow and running straight back.
```

Upande wa dirisha hauna ubishi. Mahali njia inapoanzia pia hupimwa kwa uso: juu ya katikati ya nyusi, juu ya mwisho wake, au katikati ya paji sambamba na pua. Taja na inakoelekea, maana njia inayokwenda nyuma moja kwa moja na inayopinda kuelekea kisogoni ni mitindo miwili. Ikigoma bado, fungua picha kwenye sehemu ya kuhariri ya simu, chora mstari mwekundu mwembamba pale unapoitaka njia, kisha uiagize programu iufuate na kuufuta. Kwa binti yetu mstari mwekundu ndio uliomaliza mjadala.

Mpangilio wa maelekezo yote una maana. Anza na kinachobadilika, fuatisha urefu, mkunjo, rangi, njia, malizia na vinavyobaki. Programu za mwanzo za Stable Diffusion zilisoma vipande 77 tu vya maandishi, vikiwemo vya kufungulia na kufungia, na kilichozidi kilikatwa. Aliyeanza kwa kusifia mwanga na mandhari alikuta nywele zimebaki nje. Za sasa husoma zaidi, lakini bado yaliyotangulia hupewa uzito.

Kuna pia programu za aina ya pili, zinazokupa brashi upake eneo la kubadilishwa. Humo uso uko salama kwa sababu nje ya ulipopaka haziruhusiwi kugusa. Kosa la kawaida ni kupaka nywele zilizopo tu. Paka mahali nywele mpya zitakapokuwa pia: kwa afro, ukuta ulio kuzunguka kichwa, kwa kukata, mabega yaliyofunikwa. Humo utakuta kipimo cha `Denoising strength` kinachoanzia 0 hadi 1. Kwa kubadili rangi pekee, kipimo cha katikati kwa kawaida hutosha, umbo linabaki. Kwa kubadili urefu au mkunjo panda mpaka 0.75 au zaidi. Ukiacha chini, nywele zilizonyooka zitaendelea kuchungulia ndani ya mikunjo.

Matokeo yakitoka, usiyatazame peke yake. Weka picha ya zamani na mpya kwenye simu, rukia kutoka moja hadi nyingine upesi kwa kidole. Kilichosogea kitaruka machoni: kidevu, ncha ya pua, umbali kati ya macho. Kisha kuza panja, pale nywele zinapokutana na ngozi. Mstari wa nywele ulioshuka na kupunguza paji, sikio lililobadilika umbo, kivuli kwenye paji cha nywele ambazo hazipo tena, hivyo vyote huonekana hapo. Linganisha rangi ya shavu na ya shingo na zile za picha ya kwanza. Ukiona kasoro, rudi kwenye picha ya asili urekebishe maneno. Ukiihariri ile iliyokwisha kuhaririwa, kila mzunguko uso hupotea kidogo, na baada ya mizunguko michache umebaki na dada wa yule uliyeanza naye.

Kinyozi naye ana maswali ambayo picha haiyajibu. Vichanio vya mashine vimepangwa kwa namba, kila namba ikiongeza kama milimita 3: namba 4 huacha milimita 13, namba 8 huacha 25. Hizo ni milimita za nywele inayonyooka kwenye kichanio, si za nywele iliyojikunja, kwa hiyo kile kimo cha vidole viwili kitapatikana kwa mkasi, zikiwa kavu, taratibu. Shaba juu ya nywele nyeusi itahitaji blichi kwanza, na kama zitavumilia blichi hakuna picha inayojua. Mpaka rangi ajaribu kifungu kidogo kisogoni.

Picha ya mbele pia haitamwambia kinyozi nyuma kuwe vipi, pa kufifishwa au pa kuachwa pamoja na pengine. Ukiiagiza programu igeuze kichwa, itabuni kisogo kisicho chako. Mwombe mtu akupige nyuma na ubavuni, kwa mwanga uleule, upitishe kila moja kwa maelekezo yaleyale. Urefu, mkunjo na rangi haviguswi. Kwenye ya nyuma, masikio na kola vinabaki, paji na hereni zinaondoka, na sentensi ya njia inafutwa, kwa sababu huko haifiki.